Punguzo la Siku Kumi: Namna ya Kuhesabu Riba ya Mwaka Unayolipa Unapoliacha Lipite

Chini ya ankara, mahali ambapo mihuri na sahihi hubanana, baadhi ya wasambazaji wa Eneo la Viwanda hapa Nairobi huweka mstari mfupi unaosomeka `2/10, net 30`. Wenye maduka wengi huupita mstari huo kwa sababu macho yao yako kwenye jumla ya deni, na kwa sababu jambo wanalolijua tayari, kwamba wana siku 30 za kulipa, linawatosha. Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Kayole, ambaye ninamwekea hesabu, aliwahi kuniambia hivi nilipomwonyesha mstari wenyewe kwenye ankara ya shilingi 300,000: "Mwanangu, elfu sita ni pesa kidogo. Mimi nautaka mwezi wangu mzima." Nikamjibu: "Mama, hapo hununui mwezi. Unanunua siku ishirini tu, na hiyo elfu sita ndiyo bei yake."

Mwongozo huu unafuata ankara hiyo moja tangu siku inapofika dukani hadi siku inapofungwa, na hesabu zake zote zinatoka katika jibu hilo.

Hatua ya kwanza: soma mstari, kisha uliza siku zinahesabiwa kuanzia wapi

Namba ya kwanza ni asilimia ya punguzo, na ya pili ni idadi ya siku ambazo punguzo hilo linabaki hai. Namba ya mwisho ni siku ambayo deni lote linatakiwa kulipwa bila punguzo lolote. Kwa hiyo `2/10, net 30` inasema kwamba ukilipa ndani ya siku 10 unakatiwa asilimia 2, na usipofanya hivyo unadaiwa bei kamili ifikapo siku ya 30. Kwenye ankara yetu ya shilingi 300,000, punguzo ni shilingi 6,000, na mwenye kulipa mapema hutoa shilingi 294,000.

Jambo ambalo mstari huo hausemi ni siku ya kwanza ni ipi. Kwa kawaida hesabu huanza tarehe ya ankara, wala si tarehe ambayo mzigo ulishuka dukani. Tuseme ankara imeandikwa Jumatano tarehe 4 Machi 2026, na lori likafika Kayole Jumamosi tarehe 7. Siku tatu kati ya zile kumi zimekwisha kabla hujahesabu hata bomba moja. Wako pia wauzaji wanaoandika `2/10 EOM`, na maana yake ni kwamba siku kumi zinaanza kuhesabiwa mwisho wa mwezi wa ankara, sharti ambalo ni la nafuu kubwa kwa mnunuzi anayenunua mapema mwezini. Uliza jambo hili kabla ya oda ya kwanza, na uombe jibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu. Uliza pia kama tarehe ya ankara yenyewe inahesabiwa kuwa siku ya kwanza au ni siku iliyofuata, kwa maana siku ya kumi ya ankara yetu ni Jumamosi tarehe 14 kwa hesabu ya pili, lakini ni Ijumaa tarehe 13 kwa hesabu ya kwanza.

Mzigo ukifika, uhesabu siku hiyo hiyo ukiwa na hati ya kupokelea mkononi. Mabomba mawili yakiwa yamepasuka au mkebe wa rangi ukikosekana, muuzaji atalazimika kurekebisha ankara, na marekebisho huchukua siku. Malalamiko yanayotolewa siku ya tisa ndiyo njia ya kawaida zaidi ya kupoteza punguzo, kwa sababu mnunuzi husubiri ankara iliyorekebishwa, ambayo humfikia siku ya kumi na nne.

Hatua ya pili: tafuta bei ya zile siku ishirini

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na hawapotei kwa sababu hesabu ni ngumu. Wanapotea kwa sababu wanaanza na picha isiyo sahihi. Wanaona kwamba bei ya bidhaa ni shilingi 300,000 na kwamba muuzaji anawazawadia shilingi 6,000 kwa kuharakisha. Igeuze picha hiyo. Bei halisi ya bidhaa ni shilingi 294,000, kwa sababu hicho ndicho kiasi ambacho muuzaji yuko tayari kukipokea na biashara ikaisha. Ukifika siku ya 10 bila kulipa, ni kama muuzaji amekukopesha hizo shilingi 294,000 kwa siku nyingine 20, na siku ya 30 utamrudishia pamoja na shilingi 6,000 juu yake. Zile siku kumi za mwanzo hazimo katika biashara hii, kwa kuwa unazipata bure ulipe mapema au ulipe mwisho.

Sasa gawanya. Shilingi 6,000 kwa shilingi 294,000 ni asilimia 2.04. Zingatia kwamba tumegawanya kwa 294,000, si kwa 300,000, maana huwezi kukopeshwa pesa ambazo ndizo riba yenyewe. Hiyo asilimia 2.04 ni riba ya siku 20. Mwaka una siku 365, na ndani yake siku 20 zinaingia mara 18.25. Ukizidisha 2.04 kwa 18.25 unapata karibu asilimia 37.2 kwa mwaka.

Anayetumia lahajedwali kwenye simu au kompyuta anaweza kuandika hivi katika kisanduku kimoja, kisha akabadilisha namba kulingana na ankara yake:

```
=(2/98)*(365/(30-10))
```

Namba 2 ni asilimia ya punguzo, 98 ni kinachobaki baada ya kuitoa katika 100, 30 ni siku ya mwisho ya deni, na 10 ni siku ya mwisho ya punguzo. Wahasibu wanaotaka kuhesabu riba juu ya riba hupata asilimia 44.6 kwa masharti haya haya, lakini kwa uamuzi wa dukani hesabu ya kwanza inatosha, kwa kuwa ndiyo inayolingana na namna benki zinavyotaja riba ya ovadrafti.

Mama wa Kayole hakuiamini asilimia 37 mara ya kwanza, na alikuwa na hoja ya haki: yeye hanunui kila baada ya siku 20, ananunua mara moja kwa mwezi, kwa hiyo mwaka wake una ankara 12 na si 18. Tukaihesabu kwa njia yake. Ankara 12 zenye punguzo lililopotea la shilingi 6,000 kila moja ni shilingi 72,000 kwa mwaka. Kwa pesa hizo amepata nini? Amekaa na shilingi 294,000 za muuzaji kwa siku 20 katika kila mwezi, yaani siku 240 katika mwaka mzima. Shilingi 72,000 kwa kutumia 294,000 siku 240 bado ni asilimia 37 ile ile ukiipeleka kwenye mwaka kamili. Kununua mara chache kunapunguza jumla ya shilingi zinazotoka mfukoni, lakini ukali wa bei ya kila siku unabaki palepale. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba shilingi 72,000 zinazidi kodi ya duka ya miezi miwili. Kwake yeye, hiyo ndiyo namba iliyoingia moyoni, na nadhani kila mwenye duka anapaswa kuitafuta yake kwa shilingi kabla ya kuitazama asilimia.

Hatua ya tatu: usikariri asilimia 37, kwa sababu masharti mengine yana jibu tofauti

Kinachoamua bei si ukubwa wa punguzo peke yake, bali ni punguzo likilinganishwa na siku unazozipata kwa kuliacha. Masharti ya `1/10, net 30` yanagharimu karibu asilimia 18.4 kwa mwaka, kwa kuwa siku ni zile zile 20 lakini punguzo ni nusu. Masharti ya `2/10, net 60` yana punguzo lile lile la asilimia 2, lakini ukiliacha unapata siku 50, na bei yake inashuka hadi karibu asilimia 14.9.

Hilo la mwisho linastahili kutazamwa vizuri. Ikiwa ovadrafti yako inatozwa asilimia 18 kwa mwaka na muuzaji anakupa siku 60, basi kukopa benki ili uwahi punguzo ni hasara, na jambo la busara ni kukaa na pesa za muuzaji hadi siku ya 60. Nimekutana na watu waliofundishwa kwamba punguzo lazima lichukuliwe siku zote, na wanalichukua hata pale linapowaumiza. Fanya hesabu kwa kila muuzaji kivyake, na uandike jibu kwa kalamu kwenye jalada la faili lake.

Hatua ya nne: linganisha na pesa ulizo nazo kweli

Swali sasa ni pesa za kulipa siku ya 10 zitatoka wapi, na bei yake ni ipi kwa siku 20.

Ikiwa pesa zimelala kwenye akaunti ya kawaida isiyolipa riba, hakuna cha kulinganisha. Lipa. Ikiwa una ovadrafti ya asilimia 18 kwa mwaka, chukua shilingi 294,000, uzidishe kwa 0.18, kisha kwa 20, ugawanye kwa 365. Utapata karibu shilingi 2,900. Unaokoa 6,000 kwa kutumia 2,900, na shilingi 3,100 zinabaki kwako. Toa katika hizo ada yoyote ambayo benki inakukata kwa kutumia ovadrafti, kwa sababu wakati mwingine ada hizo ndizo zinazoila faida yote.

Mikopo ya simu ni habari nyingine. Mkopo unaotoza, tuseme, asilimia 7.5 kwa siku 30 utakugharimu shilingi 7,500 kwa kila 100,000, wakati punguzo linakurudishia shilingi 2,040 tu kwa kila 100,000 unazolipa mapema. Ada ya mikopo ya aina hiyo aghalabu hukatwa yote tangu mwanzo, hata kama pesa unazihitaji kwa siku 20 tu. Mtu anayekopa hivyo ili awahi punguzo anajipeleka mwenyewe kwenye hasara, ingawa kwenye ankara ataonekana ameokoa.

Kuna chanzo cha tatu ambacho ni kigumu kukipima, nacho ni pesa zinazozunguka dukani. Mama wa Kayole aliniambia kwamba shilingi 294,000 akizitia kwenye saruji zinamletea zaidi ya elfu sita, na kwa hiyo ni afadhali asubiri siku ya 30. Hoja hiyo inaweza kuwa ya kweli, na wahasibu huidharau upesi mno. Mali inayoacha asilimia 5 baada ya kutoa usafiri na vibarua, na inayokwisha ndani ya siku 20, inaishinda asilimia 2.04 bila ubishi. Lakini hoja hiyo inasimama kwa sharti moja, kwamba saruji hiyo ni ya ziada, yaani isingenunuliwa kama ungelipa mapema, na kwamba ilikuwa na wateja wanaoingojea. Tulipofungua daftari lake la mauzo la miezi mitatu tuliona kwamba saruji haikuwahi kumwishia dukani hata mara moja. Pesa alizozishikilia zilikuwa zikigeuka kuwa vitasa na rangi za kupuliza zilizokaa kwenye rafu tangu mwaka uliopita. Kwa duka lililo hivyo, pesa haizunguki, na punguzo lilikuwa faida ya hakika kuliko bidhaa yoyote aliyoiongeza.

Kabla hujatosheka na hesabu hizi, piga simu kwa msambazaji wa pili. Iwapo anauza mzigo ule ule kwa shilingi 292,000 na anakupa siku 30 bila punguzo lolote, basi asilimia 2 ya yule wa kwanza ilikuwa imepandishwa kwenye bei tangu mwanzo.

Hatua ya tano: chagua siku ya kulipa, nazo ni mbili tu

Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii nililipa ankara ya mteja siku ya 13, nikidhani kwamba muuzaji angethamini kuona pesa mapema na kwamba kuchelewa siku tatu kungesamehewa. Alichukua bei kamili, na alikuwa na haki. Sikuelewa siku hiyo ukubwa wa kosa langu hadi nilipolihesabu.

Ukishapita siku ya 10, gharama ya shilingi 6,000 imekwisha kukuangukia, na swali lililobaki ni utapata siku ngapi kwa pesa hizo. Anayelipa siku ya 30 amepata siku 20 na bei yake ni asilimia 37. Anayelipa siku ya 15 amepata siku 5 tu kwa shilingi 6,000 zile zile, na bei yake kwa mwaka ni karibu asilimia 149. Anayelipa siku ya 12 amenunua siku 2 kwa bei inayofika karibu asilimia 372. Kwa mkopo huu, mtu anayejitahidi kulipa upesi baada ya punguzo kufa ndiye anayelipa ghali kuliko wote.

Vivyo hivyo upande wa pili. Kulipa siku ya 2 hakukupi punguzo kubwa kuliko kulipa siku ya 10, na siku nane za bure umezitupa. Kwa masharti haya kuna siku mbili tu zenye maana, nazo ni siku ya mwisho ya punguzo na siku ya mwisho ya deni.

Watu huniuliza kuhusu siku ya tatu, ile ya kuvuta hadi siku ya 45 bila ruhusa. Kwa hesabu tupu, kufanya hivyo kunashusha bei hadi karibu asilimia 21, kwa kuwa shilingi 6,000 sasa zimenunua siku 35. Lakini muuzaji naye anahesabu. Atakapokupandishia bei ya mzigo unaofuata kwa asilimia moja, au atakapokuweka nyuma ya foleni wakati mabomba yamekuwa adimu, gharama hiyo haitaonekana katika hesabu yako ya asilimia 21. Mimi huwashauri wateja wangu wasifanye hivyo, na kama hali imebana, wapige simu kabla ya siku ya 30 na kuomba waziwazi.

Hatua ya sita: hakikisha pesa zimefika, si kwamba zimetumwa

Rudi kwenye ankara ya tarehe 4 Machi 2026. Siku ya kumi ni Jumamosi tarehe 14, na siku ya thelathini ni tarehe 3 Aprili, ambayo ni Ijumaa Kuu. Tarehe zote mbili ni mtego.

Hundi inayopelekwa benki leo hupita siku ya kazi inayofuata, kwa hiyo hundi iliyokabidhiwa kwa muuzaji Ijumaa jioni haitakuwa pesa hadi wiki inayofuata. Wauzaji wengine huhesabu siku waliyopokea hundi, wengine huhesabu siku pesa zilipoingia, na usipouliza mapema utaambiwa lile linalowafaa wao. Ukilazimika kutumia hundi kwa ankara hii, mpe kufikia Jumatano tarehe 11, aipeleke benki Alhamisi, ipite Ijumaa. Wala usiandike hundi kwa matumaini kwamba mauzo ya wikendi yataijaza akaunti, kwa sababu kutoa hundi ukijua kwamba akaunti haina pesa za kutosha ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya.

RTGS hufanya kazi siku za kazi, kwa hiyo agizo lako liwe benki Ijumaa asubuhi. PesaLink hupitisha hadi shilingi 999,999 kwa muamala mmoja, hata Jumamosi, na kwa kiasi kama chetu ndiyo njia ninayoipendelea. M-Pesa pia hufanya kazi siku zote, lakini kikomo chake ni shilingi 250,000 kwa muamala, hivyo shilingi 294,000 zitahitaji miamala miwili, na yote miwili ni lazima ifike kabla ya saa sita usiku.

Andika namba ya ankara kwenye sehemu ya maelezo ya muamala, kisha umtumie mhasibu wa muuzaji uthibitisho siku hiyo hiyo ukiwa na sentensi moja: "Malipo ya ankara namba fulani, shilingi 294,000, ikiwa ni bei baada ya punguzo la asilimia 2." Bila sentensi hiyo, mashine ya hesabu ya muuzaji itasoma kwamba umelipa pungufu, na miezi mitatu baadaye utadaiwa zile shilingi 6,000 kana kwamba ni deni la zamani. Ikitokea una nusu tu ya pesa, uliza kama punguzo linakubaliwa kwa sehemu. Muuzaji akikubali, kila shilingi 98,000 unazolipa kabla ya siku ya 10 zinafuta deni la shilingi 100,000.

Hatua ya saba: ondoa VAT katika faida yako kabla hujashangilia

Sehemu hii inawahusu waliosajiliwa kulipa Kodi ya Ongezeko la Thamani, na inabadilisha jibu kidogo. Ndani ya ile jumla ya shilingi 300,000 kuna VAT ya asilimia 16, ambayo ni shilingi 41,379. Kodi hiyo unaidai kama kodi uliyoilipa kwenye manunuzi unapowasilisha hesabu zako kwa KRA. Unapopewa punguzo la shilingi 6,000, shilingi 828 kati yake ni sehemu ya VAT, na kwa hiyo kodi unayoweza kuidai nayo inapungua kwa kiasi hicho. Faida halisi ni shilingi 5,172, na gharama ya kuliacha punguzo ni karibu asilimia 32 kwa mwaka badala ya 37. Bado ni ghali kuliko ovadrafti yetu ya asilimia 18, ila sasa unachobakiza baada ya kukopa benki ni shilingi 2,272, si 3,100.

Kwa kuwa ankara ya awali ilitolewa kwenye eTIMS kwa bei kamili, muuzaji anapaswa kutoa hati ya kupunguza ankara kupitia mfumo huo huo baada ya kupokea malipo yako. Idai hati hiyo mwezi huo huo. Ukidai VAT ya shilingi 41,379 wakati muuzaji ameshaonyesha mauzo madogo kuliko hayo, rekodi zenu zitagongana, na wewe ndiwe utakayeulizwa. Nimemwona mteja akikimbizana na hati ya shilingi 6,000 kwa wiki tano kwa sababu hakuiomba siku aliyolipa.

Hatua ya nane: pale siku kumi zinapokuwa chache mno

Wako wanaofanya hesabu hizi zote, wakaona kwamba punguzo lina faida, na bado siku ya 10 pesa hazipo. Mara nyingi sababu ni kwamba wateja wao wenyewe, mafundi na wenye kujenga, hulipa mwisho wa mwezi. Hapo usiombe punguzo kubwa zaidi. Omba siku. Kwa muuzaji, kuhamisha siku ya 10 iwe siku ya 14 ni jambo dogo, na kwako siku nne hizo zinaweza kukuongezea mauzo ya wikendi moja zaidi. Omba pia kwamba siku zihesabiwe tangu mzigo unapopokelewa, kwa kuwa ucheleweshaji wa lori ni wake, si wako.

Mama wa Kayole aliomba yote mawili. La siku 14 lilikataliwa, lakini la siku ya kupokea mzigo likakubaliwa, likaandikwa kwenye barua ya masharti. Kwa ankara iliyofika siku tatu baada ya kuandikwa, siku yake ya mwisho ya punguzo ilihama kutoka Jumamosi tarehe 14 hadi Jumanne tarehe 17, na mauzo ya wikendi yakaingia kabla ya malipo. Siku hizi ankara ikiingia, msaidizi wake wa dukani huandika juu yake kwa kalamu nyekundu tarehe mbili, ya punguzo na ya mwisho, kisha huibana kwa kibanio kwenye kamba iliyo nyuma ya kaunta, ile inayokaribia kufa ikiwa ya kwanza kushoto.